Mwongozo kamili: sevisi ya hudi, friji na jiko la gesi ili visizime wateja wakiwa mezani

Swali linalojirudia kwa wenye majiko ya biashara ni hili: "Tunasafisha kila siku, mbona friji inazidiwa mchana na jiko linazima lenyewe?" Ukienda kuangalia, usafi kweli upo. Bati za mbele zinang'aa. Ila kondensa ya friji, ile sehemu inayotupa joto nje, haijaguswa tangu inunuliwe, na filta za hudi, chombo cha kuvuta moshi juu ya jiko, zimerudishwa mahali pake zikiwa zimelala ubavu.

Kosa la pili ni la mpangilio. Wengi huanza na jiko kwa sababu ndilo linaloonekana chafu, wanaigusa friji ikibaki nafasi, na hudi wanaiachia fundi wa mwisho wa mwaka. Mwongozo huu unageuza mpangilio huo: hudi kwanza, friji ya pili, jiko la mwisho. Hudi ikichoka, mvuke wa mafuta hauendi nje. Unabaki ndani, feni za friji zinauvuta, unagandamana na vumbi kwenye kondensa, na kompresa inaanza kufanya kazi huku imezibwa pumzi. Joto ambalo hudi ingelitoa nalo linabaki jikoni na kuongeza mzigo uleule. Ukisafisha friji bila kugusa hudi, utarudi kwenye friji hiyohiyo baada ya wiki chache.

## Vitu vya kuandaa kabla ya kushika bisibisi

- Glovu za mpira, miwani ya kukinga macho na ngazi imara
- Tochi yenye mwanga mkali
- Dawa ya kuyeyusha mafuta isiyo na kostiki soda, sabuni ya maji ya vyombo, na maji ya moto
- Beseni au sinki inayoweza kuzamisha filta nzima
- Brashi ya nywele laini kwa ajili ya kondensa, na brashi ya waya wa shaba kwa ajili ya bana, vile vichwa vinavyotoa moto wa jiko
- Mashine ya kufyonza vumbi, kama ipo
- Msasa laini, waya mwembamba, vitambaa vikavu
- Vipimajoto viwili vya friji, hata vya bei rahisi
- Mizani ya kupimia mtungi wa gesi
- Karatasi nyembamba na daftari
- Vipuri vitatu vya akiba: thamokapo (kijiti kinachoifanya vali ya gesi ijifunge mwali ukizima) inayolingana na jiko lako, mkanda wa feni ya hudi, na mpira wa mlango wa friji inayotumika zaidi

Kuhusu kostiki soda, sababu ni kwamba filta nyingi ni za alumini, na soda hiyo huila alumini na kutoa haidrojeni, gesi inayoshika moto. Filta ikitoka kwenye maji imekuwa nyeusi na yenye vinyweleo, ujue imeshaanza kuliwa.

## Hatua ya 1: Panga muda na uzime vyanzo

Kazi hii haifanyiki kwa mkupuo mmoja. Filta za hudi zishughulikie usiku baada ya kufunga, mafuta yakiwa bado vuguvugu. Friji ishughulikie asubuhi na mapema, ikiwa na chakula kidogo na chumba kikiwa na ubaridi. Bana za jiko zisubiri zipoe kabisa.

Zima umeme wa feni ya hudi kwenye swichi kuu yake, si kwenye kitufe cha ukutani tu, na ubandike karatasi iliyoandikwa "USIWASHE, MTU YUPO KAZINI". Jikoni kuna watu wengi, na daima yuko mmoja atakayeona feni imezima akadhani amesahau kuiwasha. Friji ichomoe plagi. Gesi ifungwe kwenye mtungi au kwenye vali kuu, kisha washa bana moja ili gesi iliyobaki kwenye bomba iungue iishe.

## Hatua ya 2: Hudi

### Filta

Toa filta zote. Hesabu nafasi na filta: ikipungua hata moja, hewa yote itapita kwenye tundu hilo kwa sababu ndiko njia rahisi, na filta zilizobaki zitakuwa pambo. Mafuta yatakayopita hapo yataenda kukaa kwenye mfereji wa moshi, mahali pabaya kuliko pote.

Zamisha filta kwenye maji ya moto yenye dawa kwa dakika 20 hadi 30, sugua, suuza, acha zikauke. Jiko la kukaanga sana hufanya hivi kila usiku. Jiko la supu na wali linaweza kungoja siku mbili au tatu. Usiende kwa kalenda ya jirani. Pitisha kidole nyuma ya filta, na kikirudi kimelowa mafuta, umechelewa.

Unaporudisha filta, milia yake isimame wima. Filta hizi hufanya kazi kwa kuigeuza hewa ghafla mara mbili ili matone ya mafuta yashindwe kukata kona, yagonge bati na kuteremka. Ukizilaza, mafuta hayana pa kuteremkia. Yanajaa kwenye milia, na baadaye yanadondoka juu ya sufuria au juu ya moto.

Mwaga mafuta ya trei kabla haijajaa nusu.

### Feni na mkanda

Fungua kifuniko na umulike mapanga ya feni. Ukoko wa mafuta haukai sawasawa kwenye mapanga yote, kwa hiyo feni hutetemeka, na mtetemo huo ndio unaomaliza beringi. Kwangua ukoko kwa kibao cha plastiki, kisha futa kwa dawa. Usipulizie maji kwenye mota.

Kama feni ni ya mkanda, bonyeza mkanda kwa kidole katikati ya puli mbili. Uingie kiasi cha sentimita moja na nusu kwa kila mita ya umbali kati ya puli. Ukilegea zaidi utateleza, nawe utasikia mlio mkali feni inapoanza. Ukikazwa mno utavuta beringi. Mkanda wenye nyufa upande wa ndani badilisha sasa, maana utakatika siku feni ina mzigo, na siku hiyo ndiyo siku ya wateja wengi.

Lipo jambo moja ambalo hata mafundi hulipita. Feni ya duara, ile inayovuta hewa katikati na kuitupa pembeni, ikiwa inatumia umeme wa fezi tatu na fezi mbili zikabadilishana, huzunguka kinyume. Haizimi. Bado inatoa hewa kuelekea nje, lakini kwa udhaifu mkubwa. Watu wanasema "hudi inafanya kazi" huku jikoni moshi umetanda. Ikiwa hudi ilidhoofika mara tu baada ya fundi umeme kugusa bodi, angalia mshale uliochorwa kwenye mwili wa feni na ulinganishe na mzunguko wake.

### Mfereji wa moshi

Hapa mipaka yako inakaribia. Mulika tochi kutoka kwenye mdomo wa hudi hadi unapoona. Ukiona utando mzito unaong'aa kama lami, ita watu wa kusafisha mifereji. Mafuta hayo yakishika moto hayazimwi kwa ndoo ya maji. NFPA 96, kiwango cha Marekani kuhusu uingizaji na utoaji hewa katika majiko ya biashara, kinataka mfumo ukaguliwe kila mwezi panapopikwa kwa kuni au mkaa, kila miezi mitatu kwa jiko lenye kazi nzito ya kuchoma na kukaanga, na kila miezi sita kwa jiko la kazi ya wastani. Hata kama nchi yako ina kanuni zake, huo ni mpangilio mzuri wa kuanzia.

### Utajuaje umefaulu

Washa feni na uweke karatasi nyembamba juu ya filta. Inapaswa kunaswa na kubaki. Lakini jaribio la kweli hufanywa moto wote ukiwa umewashwa, kwa kuwa hewa ya moto inayopanda ndiyo inayoishinda hudi dhaifu. Washa udi au kipande cha kitambaa kinachofuka moshi, ukishike kwenye ukingo wa mbele wa jiko. Moshi uingie ndani ya hudi bila kurudi usoni mwako.

Moshi ukirudi ilhali feni na filta ni safi, fungua mlango au dirisha uone. Ukinyooka mara moja, shida ni kwamba jiko halina pa kuingizia hewa. Hudi haiwezi kutoa hewa ambayo haiingii. Dalili nyingine ni mlango wa jikoni kuwa mzito kuufungua na kupiga mluzi pembeni. Hili lina hatari yake: mvuto huo unaweza kurudisha ndani moshi wa vifaa vinavyotoa hewa chafu kupitia bomba lake, kwa mfano hita ya maji ya gesi, na ndani ya moshi huo huwemo kaboni monoksaidi, isiyo na harufu wala rangi. Tundu la hewa lililozibwa kwa magunia au katoni lifunguliwe siku hiyohiyo.

Na zoeeni kuwasha hudi dakika tano hadi kumi kabla ya moto wa kwanza na kuizima robo saa baada ya moto wa mwisho.

## Hatua ya 3: Friji

Kabla sijaeleza kazi yenyewe, nitaeleza kisa cha friji moja ya chini ya meza, iliyokaa hatua mbili tu kutoka kwenye kikaangio, kwa sababu karibu kila kitu cha hatua hii kimo ndani yake.

Malalamiko yalikuwa kwamba asubuhi inasoma nyuzi 3, na ikifika saa saba mchana inasoma 11. Usiku inarudi yenyewe. Fundi aliyetangulia alisema gesi imepungua na akaiongeza, hali ikabaki vilevile. Sasa fikiri: kwa kawaida friji iliyopungukiwa na gesi haifiki nyuzi 3 asubuhi halafu ikashindwa mchana tu. Inachoka kutwa nzima, na inazidi kuchoka wiki hadi wiki. Friji inayoshindwa saa za joto na kupona usiku inasema kwamba inazalisha baridi vizuri ila haina pa kutupia joto.

Tuliangalia mlango kwa karatasi: mpira ulibana vizuri. Tukafungua kichungi cha chini na kumulika tochi upande mmoja wa kondensa. Upande wa pili haukuonyesha mwanga hata kidogo. Kilichokuwa hapo kilikuwa kama zulia la kijivu, unga na vumbi vilivyoshikwa na mafuta. Tukainua macho juu ya kikaangio: nafasi nne za filta, filta tatu. Ya nne ilikuwa stoo, imepinda, inasubiri kunyooshwa. Kondensa ikasafishwa, filta ya nne ikanunuliwa, na saa saba mchana friji ile ikakaa kati ya 4 na 5. Kuongeza gesi hakukuwa na msaada wowote. Isitoshe gesi ya friji haiishi kwa kutumika. Ikipungua, pana tundu, na fundi anayeongeza bila kutafuta tundu anakuuzia muda tu.

### Kondensa

Ni ule mtandao wa mabomba na mapezi membamba ulio karibu na kompresa, chini, nyuma au juu ya friji. Fanya kila mwezi. Ile iliyo karibu na kikaangio au sehemu ya unga, kila wiki mbili.

Plagi ikiwa imechomolewa, ondoa kichungi. Piga brashi laini kufuata mwelekeo wa mapezi, yaani juu kwenda chini kama yamesimama. Ukikata mwelekeo unayalaza, na pezi lililolala linaziba hewa sawa na uchafu. Fyonza vumbi upande inakoingilia hewa. Kukiwa na mafuta, nyunyizia dawa laini kidogo, ngoja dakika kumi, futa kwa kitambaa chenye unyevu. Funika feni na nyaya kwa plastiki kwanza. Usitumie mashine ya maji ya presha.

Ukimaliza, mwanga wa tochi uonekane upande wa pili. Rudisha kichungi, hakikisha kuna nafasi ya angalau sentimita 10 mbele ya tundu la hewa, kisha ngoja dakika tano kabla ya kurudisha plagi. Kompresa ikiwashwa upesi huanza dhidi ya presha ambayo haijashuka. Inanguruma, inakata kwa mlio wa "tak", inajaribu tena. Mchezo huo ndio unaounguza kompresa umeme unapokatika na kurudi, na ndiyo sababu ya kufunga kifaa cha kulinda umeme chenye kuchelewesha dakika tatu hadi tano.

### Mpira wa mlango

Bana karatasi mlangoni, funga, vuta. Ikatae kidogo. Rudia kwenye kona zote nne na katikati ya kila upande, hasa upande wa bawaba, ambako wengi hawaangalii. Osha mikunjo kwa maji ya uvuguvugu na sabuni. Sukari na mafuta vikigandia humo, mpira hunata na kuchanika mlango unapovutwa. Ukiwa mgumu lakini haujapasuka, kitambaa cha maji ya moto kinaweza kuurudishia umbo. Ukiwa umepasuka, badilisha.

### Barafu ndani inakueleza nini

Ondoa kifuniko cha feni ya ndani na uangalie koili, yale mabomba yanayotoa baridi. Utando mwembamba unaofanana kila mahali si tatizo. Barafu nene iliyofunika koili yote mara nyingi husababishwa na mlango usiobana, mlango unaoachwa wazi, au mfumo wa kuyeyusha barafu ulioharibika. Barafu iliyoshika mwanzo wa koili tu, sehemu nyingine ikiwa kavu na ya joto, hiyo ndiyo dalili ya gesi kupungua, na hapo ndipo unapomwita fundi friji.

Yeyusha barafu kwa kuzima na kufungua mlango, chakula kikiwa kimehamishwa. Kisu kwenye koili ni mwisho wa friji. Nimeona mabomba yaliyotobolewa kwa haraka ya dakika mbili. Kisha mimina maji ya uvuguvugu kwenye tundu la kutolea maji mpaka yatiririke bila kusita.

Usirundike maboksi mbele ya feni ya ndani, wala usiingize sufuria ya moto. Hudi na kondensa safi haziwezi kuiokoa friji iliyopewa lita ishirini za supu inayochemka.

### Utajuaje umefaulu

Weka kipimajoto kimoja rafu ya juu na kingine ya chini, na usome saa ya wateja wengi, si asubuhi. Friji isizidi nyuzi 5, na friza iwe karibu na 18 chini ya sifuri. Kompresa iwe inapumzika mara kwa mara. Inayonguruma mfululizo bila kukata, hata kama namba bado ni nzuri, inakupa taarifa mapema.

## Hatua ya 4: Jiko la gesi

### Bana

Toa vifuniko na vichwa vya bana vilivyopoa. Osha kwa maji ya moto na sabuni, sugua kwa brashi ya shaba, zibua vitundu vya moto kwa waya mwembamba. Kijiti cha meno hukatikia ndani, kiache.

Kausha kabisa kabla ya kurudisha. Maji yakibaki kwenye vitundu, moto unaruka-ruka na kuzima, na utadhani umeharibu kitu.

Jeti ni jambo jingine. Ni kile kitundu kidogo cha shaba kinachotoa gesi chini ya bana. Usikitie waya wala sindano. Ukubwa wake umepimwa kwa ajili ya gesi yako, na ukipanuka kidogo tu, gesi itazidi hewa, moto utakuwa wa njano na sufuria zitajaa masizi. Iloweke kwenye maji ya sabuni, ipulize, na ikikataa inunuliwe mpya.

Mulika pia mdomo wa kuingizia hewa kwenye bomba la bana. Buibui hupenda kujenga humo, na mende hufia humo.

### Kusoma moto

Moto mzuri ni wa bluu, umetulia, una koni ndogo inayoonekana katikati. Ncha za njano ni upungufu wa hewa: safisha mdomo wa hewa, kisha fungua kidogo kidirisha chake. Moto unaoinuka na kuachana na bana huku ukivuma una hewa nyingi mno au presha kubwa. Moto unaorudi ndani na kupiga "pu" unapopunguzwa mara nyingi ni vitundu vilivyoziba au presha ndogo.

Kama bana zote zinaonyesha kasoro ileile kwa wakati mmoja, acha kuzichokonoa. Shida iko kwenye regyuleta au mtungi, na regyuleta haifunguliwi, hubadilishwa.

### Thamokapo

Hii ndiyo sababu kubwa ya jiko au ovena "kuzima lenyewe". Ni kijiti cha chuma kinachokaa ndani ya mwali mdogo. Kikipata joto huzalisha umeme kidogo sana, millivolti 20 hadi 30 hivi, na umeme huo unashikilia vali iwe wazi. Kikipoa, vali hujifunga ili gesi isimwagike.

Masizi yakikifunika, au kikisogea nje ya mwali, umeme unashuka, na siku upepo wa mlango ukiupeperusha mwali kidogo, vali inaachia. Hapo wapishi hufunga kitufe kwa kipande cha waya kisiachie. Ukikuta waya huo, utoe mara moja na ubadilishe thamokapo. Kinga pekee dhidi ya gesi kujaa chumbani ndiyo iliyofungwa.

Safisha ncha yake kwa msasa laini, irudishe ili ncha imezwe na mwali, na kaza nati ya upande wa vali kwa vidole kisha robo mzunguko tu. Jaribu: washa, bonyeza kwa sekunde 20 hadi 30, achia. Moto ubaki. Sasa zima mwali kwa kuupuliza na utege sikio. Vali ifunge kwa mlio wa "tak" ndani ya dakika moja hivi. Isipofunga, funga gesi na usitumie sehemu hiyo mpaka fundi aje.

### Mpira wa gesi na uvujaji

Soma tarehe iliyochapwa kwenye mpira. Ukunje: nyufa zikionekana, badilisha bila kujali tarehe. Mpira wenyewe usipitishwe nyuma ya ovena. Fungua gesi huku bana zimefungwa, paka maji ya sabuni kwenye kila kiungo, ngoja. Povu likikua, kuna uvujaji. Gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa na hutambaa sakafuni, kwa hiyo ukinusa chochote zima moto wote, fungua milango, usiguse swichi yoyote, wala feni ya hudi. Cheche ya swichi inatosha.

### Mtungi unaoisha katikati ya chakula

Hili si bahati mbaya, linahesabika. Uzito wa mtungi mtupu umegongwa kwenye mwili wake. Pima mtungi, toa uzito huo, utapata gesi iliyobaki. Kilo moja ya gesi ya kupikia hutoa kiasi cha kilowati-saa 13. Chukua jiko la bana sita, kila moja kilowati 6, jumla 36. Kwa saa nne za wateja, bana zikitumika kwa wastani wa nusu ya nguvu zake, unahitaji kilowati-saa 72. Gawa kwa 13, ni kilo tano na nusu.

Hata hivyo usingoje ifike tano na nusu. Gesi ndani ya mtungi ni kimiminika kinachochemka ili kutoa mvuke, na kuchemka huko kunaupoza mtungi. Ukivuta nyingi kwa wakati mmoja, mtungi unatoa jasho, kisha unashika barafu, presha inashuka, na moto unakuwa mdogo ilhali mtungi bado mzito. Kimiminika kikipungua, tatizo linakuja upesi zaidi. Kwa jiko hilo la mfano, mtungi wenye chini ya kilo kumi jioni ubadilishwe kabla ya saa za wateja na umaliziwe siku nyepesi.

Mtungi ukishika barafu, dawa ni kuunganisha mitungi miwili au zaidi ivutwe kwa pamoja, kazi ya fundi wa gesi. Kuupasha mtungi kwa moto au mkaa ni kutafuta mlipuko.

## Hatua ya 5: Daftari la mistari michache

Fomu ndefu hazijazwi. Tumia mistari mifupi, ikiandikwa saa ya shughuli nyingi na mtu yuleyule kila zamu:

- Friji ya meza, saa 7 mchana: juu 5, chini 4
- Friza: 18 chini ya sifuri
- Hudi: karatasi imenasa, filta 4 kati ya 4
- Mtungi: kilo 14 zimebaki
- Moto: bana ya tatu ina njano

Thamani yake iko kwenye mwelekeo. Friji iliyosoma 4, wiki ijayo 5, wiki inayofuata 6, saa ileile na chakula kilekile, itakata siku si nyingi. Anza na tochi kwenye kondensa, kisha mpira wa mlango, kisha barafu ya ndani. Vikiwa vyote sawa na namba bado inapanda, mpigie fundi simu na umsomee mistari hiyo. Mwambie asubuhi inasoma ngapi na mchana ngapi, barafu iko sehemu gani ya koili, na kompresa inapumzika au haipumziki. Atajua abebe nini kabla hajatoka kwake.